Kushuti kwa mkupuo si kukatakata video ndefu

Mwenye duka anakwambia ameshuti kwa mkupuo, matangazo ya mwezi mzima yako tayari. Ukifungua ukurasa wake unakuta mahojiano marefu yaliyokatwa vipande, vimeandikwa sehemu ya 3, sehemu ya 4, sehemu ya 5. Nimeliona hili mara nyingi mno, na linawagharimu watu wenye hela kidogo.

Kushuti kwa mkupuo ni kurekodi klipu nyingi kwa kikao kimoja, kila moja ikiwa imepangwa kivyake kabla kamera haijawashwa. Maana yake ni hiyo tu.

Huko kupangwa kivyake ndiko kunakorukwa. Mteja wa Instagram au TikTok hafuati mfululizo wako. Klipu ya tarehe 19 inaweza kumfikia kabla ya ile ya tarehe 2, na ya tarehe 2 asiione kamwe. Ikianza na "kama nilivyosema", au chombo chenyewe kilionyeshwa kwenye kipande kilichopita, anapita. Ukitazama takwimu za ukurasa utaona watu wanaondoka sekunde chache za mwanzo, wala hawafiki kwenye maelezo mazuri yaliyoko mbele.

Chukua duka dogo la vyombo Kariakoo, linaloweza kumlipa mpiga video siku moja tu kwa mwezi. Klipu 3 kwa wiki, kwa wiki 4, ni klipu 12. Bidhaa zinachaguliwa 4: hotipoti, chupa ya chai, kikaango na seti ya sufuria. Kila bidhaa inapewa maswali 3 ambayo wateja huyauliza kaunta kila siku. Kwa hotipoti: je, inatunza moto kweli? Ipi inatosha familia ya watu sita? Harufu ya kwenye mpira wa kifuniko inaondolewaje? Kila swali ni klipu yake, yenye mwanzo na mwisho wake. Lile la kwanza linajibiwa kwa vitendo: chapati zinaingia kwenye hotipoti kikao kinapoanza asubuhi, na zinafunguliwa mbele ya kamera kikao kinapoisha. Huwezi kulipata jibu hilo kwa kukata mahojiano, kwa sababu lilihitaji kupangwa saa kadhaa kabla.

Kurekodi hakufuati mpangilio wa kuposti. Kunafuata mahali kamera ilipo. Maneno yote ya kaunta kwa klipu zote 12 yanarekodiwa kwanza, kabla barabara haijachangamka na kelele kuingia. Kisha kamera inahamia mezani kwa picha za karibu za mikono: kufungua kifuniko, kumimina chai, yai kuteleza kwenye kikaango. Kabla ya kila klipu inaonyeshwa karatasi yenye namba yake, la sivyo anayehariri atatumia siku nzima kutafuta mkono upi ni wa chombo kipi.

Picha za mikono zinaweza kutumika kwenye klipu zaidi ya moja, ila si kwenye sekunde za kwanza. Klipu 12 zikianza zote na muuzaji yuleyule amesimama kaunta kwa nguo ileile, mtazamaji anadhani hiyo ameshaiona, hata kama maneno ni mapya. Kwa hiyo picha za mwanzo ndizo za kuhangaikia: moja ianze na mvuke wa chapati, nyingine na mikono ikipanga sufuria kwa ukubwa, nyingine na sura ya muuzaji akiwa amebadilisha kanga.

Na kwa kuwa klipu itakaa wiki kadhaa kabla ya kutoka, mdomo usiseme "leo", "Jumamosi hii" wala bei. Mzigo mpya ukiingia na bei ikapanda, sauti haibadiliki. Bei iliyoandikwa juu ya video siku ya kuposti inabadilika kwa dakika moja. Bidhaa iliyobaki chache stoo usiipe klipu 3. Mkupuo pia haufai kwa ofa za ghafla au mzigo ulioshuka jana. Hizo zirekodiwe kwa simu siku hiyohiyo.

Basi ukiletewa vipande 12 vya mahojiano yako, uliyemlipa amefanya uhariri, na ni kazi halali. Vipande viwili au vitatu vinaweza kusimama vyenyewe. Ila si mkupuo. Kabla ya kikao kijacho mwombe orodha ya klipu 12, kila moja na swali lake na picha yake ya kwanza, kisha ndipo mkubaliane siku.