Nzi hang'ati, anatema: mtazame mdomo kabla ya kuomba dawa

Mvua zikianza, malalamiko ya nzi huongezeka ofisini kwetu, na karibu kila anayekuja anaomba tupulize dawa. Tunaelewa kero hiyo. Hata hivyo, njia ya kumdhibiti mdudu inategemea anavyokula.

Panzi na mende wana taya za kutafuna. Kipepeo ana mrija mrefu anaoukunja, wa kufyonzea maji matamu ya maua, na hamwambukizi mtu ugonjwa kwa mrija huo. Nzi wa nyumbani hana taya za kutafuna wala sindano. Ncha ya mdomo wake ni kama sifongo yenye vijifereji, nayo hupitisha vimiminika tu.

Chukua meza ya mama lishe iliyo karibu na choo kisicho na mfuniko. Nzi ananyonya majimaji ya kinyesi na kuyaweka katika mfuko wa akiba tumboni, pamoja na vijidudu vya kuhara. Akitua kwenye sukari hawezi kuila ikiwa kavu, kwa hiyo anaitemea mate na sehemu ya alichokunywa chooni, inayeyuka, kisha anafyonza. Hafyonzi yote. Kinachobaki analishwa mteja. Angalia waya wa taa: madoa meupe-meupe ni matapishi ya nzi, meusi ni kinyesi chake. Chakula kifunikwe kwa kawa muda wote, si wateja wakiisha tu.

Wapo wanaosisitiza kwamba nzi wao wanauma. Huyo ni nzi wa mazizini. Wanafanana, ila mdomo wake ni mgumu na umechomoza mbele ya kichwa. Anazaliana kwenye samadi iliyochanganyika na nyasi, basi safisheni zizi.

Na tumelirudia mara nyingi: mbu haambukizi Virusi vya Ukimwi. Mdomo wake una sindano sita nyembamba. Mate yanashuka kwa njia moja, damu inapanda kwa nyingine, na virusi hivyo humeng'enywa tumboni mwake. Kimelea cha malaria ni tofauti: hukomaa ndani ya mbu kwa siku 10 hadi 14 hivi, kisha huhamia kwenye tezi za mate.

Kuhusu ukaguzi, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kutoa ilani. Ilani hutolewa kwa maandishi, ikitaja kasoro na muda wa kuirekebisha. Muda ukiisha afisa hurudi, na asiyetekeleza anaweza kufikishwa mahakamani. Kuichana ilani hakuifuti.

Akirudi, afisa huanza na pipa la taka. Kwenye joto, yai la nzi huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo taka ziondolewe angalau mara mbili kwa wiki. Akikuta funza chini ya pipa, anajua taka zimelala.