Je, wajua kwa nini mgonjwa wa manjano "hupona" kwa juisi ya miwa?

"Mdogo wangu yuko Masasi, macho yamekuwa ya manjano na mkojo kama chai ya rangi. Nyumbani wanasema anywe juisi ya miwa asubuhi na jioni, asihangaike na hospitali, maana baba mdogo alipona hivyo hivyo. Ni kweli?"

Baba mdogo alipona kweli. Miwa ndiyo haikuhusika.

Ile rangi ya manjano inaitwa bilirubini. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa, na bilirubini ni mabaki yake. Ini huipokea, huibadilisha iweze kuyeyuka kwenye maji, kisha huimwaga pamoja na nyongo kwenye utumbo. Huko ndiko kinyesi hupata rangi yake ya kahawia. Macho yakigeuka manjano, maana yake ni kwamba mahali fulani kwenye safari hiyo mambo yamekwama. Huenda damu inavunjika haraka kuliko ini linavyoweza kuhimili, au ini lenyewe linaumwa, au mrija wa nyongo umeziba. Manjano, kwa hiyo, ni dalili tu. Ugonjwa uko nyuma yake, na magonjwa yanayoweza kuwa nyuma yake ni mengi.

Tuseme baba mdogo alikuwa na homa ya ini aina ya A, ambayo huletwa na virusi vinavyopita kwenye maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Wiki ya kwanza huwa na homa, kichefuchefu, uchovu na kuchukia chakula. Watu hudhani ni malaria, kipimo kinatoka hasi, wanabaki wanashangaa. Kisha mkojo unakuwa mweusi, na siku chache baadaye macho yanageuka. Hapo ndipo familia inashtuka na kijana anatumwa kwa muuza miwa. Lakini kwa wagonjwa wengi, manjano yanapoonekana homa huwa imeanza kuondoka na mwili umeshaanza kuwashinda virusi. Bilirubini hupanda kidogo zaidi, halafu inaanza kushuka yenyewe. Baada ya wiki mbili tatu macho yanapauka, na ndani ya miezi miwili wengi wanakuwa wazima kabisa, wawe wamekunywa miwa, madafu au maji ya kisima yaliyochemshwa. Juisi iliingia wakati ugonjwa umeshaanza kutoka, ikachukua sifa.

Kuna ushahidi mwingine ambao watu huuona kwa macho yao, na ndio unaoshawishi zaidi. Mgonjwa akinywa glasi nne au tano kwa siku, mkojo unakuwa mweupe. "Umeona? Manjano yanatoka!" Kilichotokea ni kwamba mkojo umekuwa mwingi, na rangi ile ile imesambaa kwenye maji mengi zaidi. Angekunywa maji matupu angepata mkojo mweupe vilevile. Kiasi cha bilirubini kwenye damu hakipimwi kwa rangi ya mkojo wa mtu aliyekunywa lita mbili. Hata macho hayatoi hesabu ya siku hiyo hiyo, kwa sababu rangi hung'ang'ania kwenye ule weupe wa jicho na huchelewa kuondoka hata damu ikishasafika.

Sisemi miwa haina kazi yoyote. Mgonjwa wa ini anayetapika na kukataa ugali anahitaji maji na nguvu, na kitu kitamu chenye ndimu humshuka kirahisi. Pengine ndiyo sababu imani hii imedumu, huku kwetu na kule India na Pakistani ambako miwa kwa manjano ni jambo la kila mtaa. Lakini kumpa mtu nguvu ni jambo moja, kulitibu ini ni jambo jingine.

Na nguvu hiyo ina uzito wake. Juisi ya miwa ina sukari ya takriban gramu 13 hadi 15 katika kila mililita 100. Glasi ya mililita 300 inabeba kama gramu 40, yaani vijiko kumi vya chai, zaidi kidogo ya soda ya ujazo huo. Muuzaji anaposema "hii haina sukari, ni asili" anasema kweli nusu: hajaongeza kitu, muwa umeshaongeza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya namna hii kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Anayekunywa glasi nne "za dawa" amefikisha 160. Kijana mwenye afya atavumilia wiki mbili tatu. Mwenye kisukari hatavumilia, na wapo wengi wasiojua kuwa wanacho. Tena nusu ya sukari ya muwa ni fruktosi, na fruktosi hushughulikiwa zaidi na ini, kiungo kile kile tunachodai kukipumzisha. Mwenye ini lililojaa mafuta, au lililochoshwa na gongo ya mabibo, anaongezewa mzigo.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe. Ukisimama karibu na stendi yoyote, iwe Mtwara mjini, Masasi au Lindi, angalia kabla hujaagiza. Miwa imekwanguliwa alfajiri na kulazwa kwenye ndoo ya maji. Inapitishwa kwenye roli za chuma, inakunjwa pamoja na ndimu na tangawizi, inapitishwa tena mpaka makapi yakauke. Kati ya roli kunabaki nyuzi zenye sukari, na nzi wanajua hilo kuliko sisi. Barafu inafika ndani ya kiroba na kupondwa kwa kipande cha nondo. Glasi zinachovywa kwenye ndoo moja tangu asubuhi, na mkono unaopokea noti ndio unaoshika muwa.

Ndimu haiokoi hapo. Virusi vya homa ya ini A huvumilia tindikali, ndiyo maana hupita tumboni salama, na havifi kwenye barafu. Moto ndio huviua, nyuzijoto 85 kwa dakika moja, lakini juisi ya miwa haipikwi. Kwa hiyo glasi inayouzwa kama dawa ya manjano inaweza kuwa ndiyo iliyoyaleta. Watu hawaunganishi mambo haya mawili kwa sababu virusi hivyo hukaa mwilini wiki mbili hadi saba, kwa kawaida kama wiki nne, kabla dalili hazijatokea. Nani anakumbuka alikunywa nini stendi mwezi uliopita? Aina ya E hupita njia hiyo hiyo, na kwa mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, inaweza kuua. Mimi mwenyewe naipenda juisi ya miwa, lakini kwa muuzaji anayekamua nikiona, mwenye maji yanayotiririka, na bila barafu.

Hadi hapa tumedhani ni homa ya ini A. Vipi kama siyo?

Mwaka 2022, mwezi Julai, watu wa Ruangwa mkoani Lindi walianza kuugua homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa damu puani. Wagonjwa waliotambuliwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Vipimo vilionyesha ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaosambazwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, kupitia maji na udongo wenye unyevunyevu. Bakteria hao wakimshambulia mtu vikali, hugusa ini na figo kwa pamoja, na macho hugeuka manjano. Mtu wa namna hiyo anatibika kwa antibayotiki za kawaida kama doksisaiklini au penisilini, mradi aanze mapema. Wiki moja ya kusubiri miwa ifanye kazi ni wiki ambayo figo zinaweza kufa. Cha kushangaza ni kwamba duniani ugonjwa huu unajulikana sana miongoni mwa wakata miwa, kwa kuwa panya hupenda mashamba hayo.

Dalili za kuutilia shaka ni homa kali ya ghafla, misuli ya shavu la mguu kuuma ukiibonyeza, macho mekundu yanayochanganyika na manjano, na mkojo kupungua, hasa kwa mtu anayelima mpunga au kushinda kwenye maji ya bondeni. Lakini dalili peke yake hazitoshi. Malaria kali nayo hugeuza macho, vivyo hivyo selimundu, dawa za kifua kikuu, na mawe ya nyongo. Kwa mdogo wako, hospitali watataka kipimo cha malaria, wingi wa damu, bilirubini ya aina zote mbili, vimeng'enya vya ini, mkojo, utendaji wa figo, na kipimo cha haraka cha homa ya ini B. Bilirubini ya aina mbili ndiyo inayoonyesha njia: ikipanda zaidi ile ambayo ini halijaigusa, damu ndiyo inavunjika, ikipanda ile iliyokwishapita kwenye ini, tatizo liko kwenye ini au kwenye mrija. Kinyesi kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi na ngozi inawasha, mrija ndio unaoshukiwa, na ultrasaundi itafuata. Hospitali ya Mkomaindo ni hapo hapo Masasi. Ikihitajika zaidi kuna Ndanda, au Ligula kule Mtwara.

Mgonjwa yeyote wa manjano asingoje foleni ya kesho kama amechanganyikiwa au analala mno, anatokwa damu, anatapika kila kitu, au ni mjamzito. Mtoto mchanga aliyegeuka manjano ndani ya saa 24 za kwanza apelekwe saa hiyo hiyo, na asionjeshwe juisi ya aina yoyote: bilirubini nyingi huharibu ubongo wake, na anachohitaji ni ziwa la mama na taa maalumu ya wodini.

Kipimo cha B kina jambo lake. Homa ya ini B nayo huweza kugeuza macho kwa wiki kadhaa, kisha rangi ikaondoka, mgonjwa akarudi shambani akisema miwa imemponya, kumbe virusi vimebaki kimya kwenye ini. Watu wazima wengi wa huku walizaliwa kabla chanjo yake haijaingia kwenye ratiba ya watoto, na wengine wanayo tangu utotoni bila kujua. Mdogo wako akikutwa navyo, arudi kupimwa tena baada ya miezi sita. Vikiwa bado vipo, ini lake litahitaji kufuatiliwa miaka yote, na mke wake na watoto wapimwe, wasio navyo wachanjwe.