Je, wajua kwa nini tiki nyingi huficha tofauti ya vifurushi?

"Tuko na vifurushi vitatu kwenye slaidi moja, lakini mteja bado anauliza: sasa tofauti iko wapi? Kwa nini haioni?"

Kwa sababu jicho huwahi kutambua kitu kilichopo, na huchelewa kutambua kitu kisichokuwepo. Jedwali lililojaa tiki huziweka tofauti zake katika vyumba vilivyobaki wazi, yaani pale pale ambapo jicho ni zito.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ofisini ni mengine. Husemwa kwamba mteja hakusoma, au maandishi ni madogo, au rangi hazijakolea. Basi mistari inaongezwa, tiki zinapakwa kijani, na palipo wazi panatiwa alama nyekundu ya kukosa. Imani iliyo nyuma ya kazi yote hiyo ni kwamba jedwali likitaja mambo mengi, tofauti nazo zitaonekana zaidi. Imani hiyo ina mvuto, kwa sababu jedwali refu hupendeza kwa aliyelitengeneza: kila mstari ni jasho la mtu fulani kwenye kampuni. Ila mteja hakuja kuhesabu jasho. Amekuja kujua akiongeza dola hamsini anapata nini cha ziada, na kila mstari ulio sawa katika vifurushi vyote unamsogeza mbali na jibu hilo.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayopatikana Lubumbashi: kampuni ndogo inayotunza jenereta za hoteli, zahanati na maghala. Inauza mkataba wa Msingi, wa Kati na wa Kamili. Slaidi yake ya kwanza ina mistari 14: kubadilisha oili, filta ya hewa, filta ya mafuta, maji ya rejeta, mikanda, betri, ripoti ya maandishi, huduma ya dharura na kadhalika. Mistari 14 mara vifurushi 3 ni vyumba 42. Kati ya hivyo, 38 vina tiki na 4 viko wazi. Ukitazama kwa mbali unaona ukuta wa kijani wenye matundu manne, na matundu hayo ndiyo bidhaa yenyewe.

Kwa nini matundu hayaruki machoni? Mwaka 1985 watafiti wa saikolojia Anne Treisman na Janet Souther walichapisha majaribio yenye maumbo mepesi kabisa. Watu walionyeshwa duara moja lenye kijistari kati ya maduara matupu, na wakalipata mara moja. Hata maduara matupu yalipoongezwa, muda wa kulipata haukubadilika sana. Kisha zoezi likageuzwa: tafuta duara tupu kati ya maduara yenye vijistari. Maumbo ni yale yale na tofauti ni ile ile, lakini sasa kila duara lililoongezwa lilirefusha muda wa kutafuta. Jambo hili ni la ajabu kidogo, kwa sababu kwa hesabu tupu "iko" na "haiko" ni pande mbili za kitu kimoja. Kwa jicho sivyo.

Fikiria wanafunzi wamepanga mistari uwanjani, shati jeupe na suruali ya buluu. Mmoja akija na kofia, mwalimu atamwona kabla hajamaliza kufungua daftari la mahudhurio. Kofia inajitokeza yenyewe. Sasa wote wavae kofia, isipokuwa mmoja. Mwalimu yule yule atalazimika kupita mstari kwa mstari, kichwa kwa kichwa, kwa sababu kichwa kitupu hakina kinachoita. Na wanafunzi wakiwa mia mbili badala ya ishirini, wa kwanza ataonekana upesi kama awali, wa pili atamla mwalimu muda mrefu zaidi. Slaidi yenye tiki 38 ni uwanja wa pili: wote wana kofia, na mteja anatakiwa kuwatafuta wanne wasio nazo huku mtu anamzungumzia pembeni.

Hapa kuna tahadhari ya kuweka. Majaribio yale yalitumia maumbo, siyo mikataba, na maneno hayarukii jicho kama kijistari, lazima yasomwe. Kwa hiyo isichukuliwe kwamba slaidi nzuri hueleweka bila kusoma. Kinachohama kutoka maabara hadi ukumbi wa mkutano ni sehemu moja tu: kumjulisha mteja *mahali* pa kusoma.

Dawa inayotokana na hayo huwashtua waliotengeneza jedwali, kwani ni kufuta. Katika mfano wetu, mistari 9 ni sawa kweli katika vifurushi vyote. Inatoka kwenye jedwali na kuwa sentensi moja chini ya slaidi: "Vifurushi vyote: ukaguzi wa betri, mikanda na maji ya rejeta, kazi ya kubadilisha oili na filta, ripoti ya maandishi." Sentensi hiyo isiachwe kabisa, kwa sababu mteja asipoiona atadhani huduma hizo hazimo. Mara moja tiki 27 zinaondoka.

Kazi ngumu iko kwenye mistari mitano inayobaki, kwa sababu miwili kati yake ilikuwa na tiki kotekote na bado haikuwa sawa. "Huduma ya dharura" ilikuwa na tiki tatu, lakini fundi wa Msingi anafika ndani ya saa 48, wa Kati ndani ya saa 24 na wa Kamili ndani ya saa 6. Tiki hujua ndiyo na hapana tu, kiasi haikijui. "Ziara za kawaida" nazo zilikuwa na tiki tatu, ingawa ni kila miezi mitatu, kila miezi miwili na kila mwezi. Aliyeweka tiki hizo hakudanganya. Alifuta tofauti mbili kubwa kuliko zote kwa kalamu ya kijani.

Hata ukiandika "kila miezi 3" badala ya tiki, mteja bado ana hesabu ya kufanya. Jenereta nyingi za dizeli hubadilishwa oili kila baada ya saa 250 hivi za kuwaka (kitabu cha mtengenezaji ndicho hakimu). Jenereta inayowaka saa 8 kwa siku hufikisha saa 240 kwa siku 30, kwa hiyo ziara ya kila miezi mitatu itaikuta imepita kiwango mara mbili na zaidi. Inayowaka saa 2 kwa siku itakuwa na saa 180 tu baada ya siku 90, na mkataba wa Msingi unaitosha bila wasiwasi. Kwa hiyo mstari wa ziara uandikwe kwa kipimo ambacho mteja anakijua nyumbani kwake: umeme ukikatika, jenereta inawaka saa ngapi kwa siku?

Bei nazo zilikuwa na ugonjwa wa kipimo. Slaidi ya kwanza ilionyesha dola 90 kwa mwezi, dola 420 kwa miezi mitatu, na "3.120 $" kwa mwaka. Kila namba ina sababu yake, maana ndivyo ankara zinavyotolewa, lakini namba tatu zenye vipimo vitatu hazilinganishwi. Zinawekwa tu jirani. Kwa mwezi ni 90, 140 na 260. Tena nukta ile ya "3.120" ni mtego. Aliyezoea kuandika Kifaransa ataisoma elfu tatu mia moja na ishirini, ila mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, aliyesoma kwa Kiingereza, anaweza kuona dola tatu na senti. Acha nafasi tupu: 3 120. Kisha kodi ya TVA ya 16% iwe ndani ya bei zote au nje ya zote. Kati ikiandikwa bila TVA na Kamili ikiwa nayo, pengo la dola 120 linaonekana kuwa karibu 162, na hakuna rangi itakayorekebisha hilo.

Baada ya kazi hiyo slaidi inabaki hivi:

| | Msingi | Kati | Kamili |
|---|---|---|---|
| Bei kwa mwezi, jenereta moja, bila TVA | 90 $ | 140 $ | 260 $ |
| Inafaa jenereta inayowaka, kwa siku | hadi saa 2 | hadi saa 4 | hadi saa 8 |
| Fundi hufika baada ya simu | ndani ya saa 48 | ndani ya saa 24 | ndani ya saa 6 |
| Kuitwa usiku na Jumapili | – | ndiyo | ndiyo |
| Bei ya oili na filta | unalipa kando | imo | imo |
| Jenereta ya akiba wakati wa matengenezo | – | – | ipo |

Hakuna mistari miwili inayofanana, na hakuna mstari unaosema kitu kimoja mara tatu. Kistari kifupi kimewekwa kwa sababu chumba kitupu kabisa huzua swali la kama mtu amesahau kujaza. Kiwe cha kijivu. Alama nyekundu ya kukosa ingefanya kinyume, ingekijaza tena chumba na kulivuta jicho kwenye kile ambacho mteja hapati.

Kwa nini isiwe slaidi tatu, kila kifurushi na yake, yenye nafasi ya kupumua? Mwaka 1997 Ronald Rensink, Kevin O'Regan na James Clark walionyesha kwamba picha mbili zikibadilishana huku kukiwa na skrini tupu kwa kitambo kifupi sana katikati, watu huchelewa kuona hata badiliko kubwa. Kupindua slaidi si jaribio lile lile, lakini mteja anaachwa na mzigo wa aina hiyo: kile cha kulinganisha nacho hakipo tena mbele yake.

Kupima kama slaidi imefaulu hakuhitaji mteja. Mwonyeshe mtu wa idara nyingine, mhasibu kwa mfano, kwa sekunde tano, kisha ifiche na umwulize: "Kamili ina nini ambacho Kati haina?" Akijibu "ni ghali", ameona bei peke yake. Akitaja jenereta ya akiba au ile saa 6, jedwali linafanya kazi. Irudie slaidi kwenye simu pia, kwa sababu mara nyingi itatumwa kwa WhatsApp kwa bosi ambaye hakuwa mkutanoni, na huko maelezo ya mdomo hayafiki.

Mara nyingine ufutaji huenda mbali kuliko ilivyotarajiwa. Ikiwa Kamili ingekuwa na fundi wa saa 24 na ziara za miezi miwili kama Kati, mstari mmoja tu ndio ungebaki kati yao, ule wa jenereta ya akiba. Hapo hakuna vifurushi vitatu. Kuna viwili, na jenereta ya akiba ni nyongeza inayouzwa kando kwa dola 120 kwa mwezi, kwa mteja anayeihitaji.