Kiwanja kiko Mombasa, warithi wako Pemba: cheti cha reti na deni linaloibuka dakika za mwisho

Familia nyingi za Pemba na Unguja zina kiwanja Mombasa kilichoachwa na babu au ami aliyehamia huko zamani. Mirathi ikishagawanywa na mnunuzi akapatikana, wakili wa Mombasa huleta ombi ambalo huku kwetu watu hawalijui: cheti cha kutodaiwa reti. Sisi tumezoea kuipeleka karatasi ya mauziano kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na kule tunategemea mambo yawe vivyo hivyo. Hayako hivyo.

Reti ni kodi ya kila mwaka ambayo kaunti humtoza mwenye ardhi. Thamani ya kiwanja huandikwa katika daftari la uthamini la kaunti, na kodi hukatwa kutokana na thamani hiyo. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 kinamzuia msajili kuandikisha uhamisho mpaka aletewe maandishi kwamba reti na tozo nyengine zote zimelipwa, zikiwemo za miezi 12 iliyopita hadi siku ya kuomba uhamisho. Kwa hivyo cheti hiki ndicho ufunguo wa mlango wa msajili. Bila ya hicho, mnunuzi anaweza kulipa bei yote na hati ikabaki katika jina la marehemu.

Ukikishika mkononi utaona mambo machache tu: namba ya kiwanja, jina la mwenyewe kama lilivyo katika daftari la kaunti, tamko kwamba hakuna deni, namba ya risiti na tarehe. Soma namba kwanza, herufi kwa herufi. Viwanja vya ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa huanza na MN, kisha namba ya Kirumi ya eneo, kisha namba ya kiwanja chenyewe. MN/I na MN/II ni maeneo mawili tofauti, na kijistari kimoja kikizidi unakuwa umelipia kiwanja cha mtu mwengine.

Jina lililomo humo lisikutie moyo wala lisikutishe. Daftari la kaunti si daftari la msajili. Mara nyingi linabaki na jina la mtu aliyefariki zamani au aliyekwisha kuuza. Mmiliki hujulikana kwa upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili, na hukohuko ndiko utakakojua kama kiwanja kimewekwa rehani benki au kimewekewa zuio. Cheti cha reti hakisemi lolote kuhusu hayo.

Pia hakisemi lolote kuhusu kodi ya pango la ardhi, na hapa ndipo Wazanzibari wanapokwama zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inampa asiye raia haki ya kushika ardhi kwa mkataba wa muda tu, usiozidi miaka 99. Ardhi ya mkataba kutoka serikalini ina pango lake, linalolipwa serikali kuu, mbali na reti za kaunti. Madeni ni mawili, ofisi mbili, vyeti viwili. Mtu huja na cheti cha kaunti akidhani amemaliza, kumbe pango halijaguswa kwa miaka.

Na kama mlichorithi ni nyumba peke yake, iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu kama zilivyo nyumba nyingi za Majengo, basi reti hazikuhusuni moja kwa moja. Anayedaiwa ni mwenye ardhi. Nyinyi hamna hati ya kiwanja ya kuhamisha.

Sasa deni. Kabla ya kuomba cheti, omba taarifa ya hesabu ya kiwanja kutoka kaunti, inayoonyesha mwaka kwa mwaka kilichodaiwa na kilicholipwa. Nashauri ifanywe hivyo kabla hata ya kukubaliana bei, kwa sababu takwimu inayotoka humo hubadilisha mazungumzo yote.

Tuchukue mfano wa kiwanja kinachotozwa shilingi 10,000 za Kenya kwa mwaka, na taarifa iliyotolewa mwisho wa Septemba 2025 inaonyesha hakijalipiwa tangu 2020. Deni la msingi ni miaka sita, yaani 60,000. Juu yake kuna adhabu. Kiwango cha adhabu huwekwa na kila kaunti. Hapa tukadirie asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni la msingi, kuanzia Aprili ya kila mwaka. Reti za 2020 zimekaa miezi 66, zimezaa 13,200. Za 2021 zimekaa miezi 54, zimezaa 10,800. Ukiendelea hivyo mpaka za 2025, zenye miezi sita na adhabu ya 1,200, jumla ya adhabu ni 43,200. Kaunti inadai 103,200.

Usilipe bado. Kaa na risiti za zamani, hata zilizofifia wino, uzilinganishe na taarifa mwaka baada ya mwaka. Tuseme imepatikana risiti ya 2021, nayo imeandikwa namba ya eneo jirani. Fedha ziliingia kaunti, ila zilipandishwa kwenye hesabu ya kiwanja kingine. Peleka risiti hiyo pamoja na barua ya kuomba marekebisho. Ikikubaliwa, hapaondoki 10,000 peke yake. Inaondoka na adhabu yake ya 10,800, na deni linashuka hadi 82,400. Kiwanja kilichokatwa kutoka kiwanja kikubwa nacho kina mtego wake: angalia pia hesabu ya kiwanja mama, kwani deni la zamani linaweza kuwa limebaki kule na likazuia vipande vyote.

Mara kwa mara kaunti hutangaza msamaha wa adhabu kwa muda maalumu. Msamaha wa namna hiyo hugusa adhabu tu. Katika mfano wetu, ukiwa ni msamaha kamili, zingebaki 50,000 za msingi, na hizo lazima zilipwe ndani ya muda uliotangazwa. Kulipa kwa awamu kunaweza kukubaliwa pia, lakini cheti hakitoki mpaka awamu ya mwisho iingie.

Nani alipe? Baina ya muuzaji na mnunuzi, ni jambo la mkataba, na desturi ni muuzaji. Lakini kwa kaunti, deni limeshika kiwanja, halikumfuata marehemu kaburini. Warithi wakisema "hayo yalikuwa ya babu", kaunti haitawasikiliza. Wasipokuwa na fedha taslimu, njia iliyo salama ni kuandika katika mkataba kwamba wakili wa mnunuzi akate kiasi cha deni katika bei, akilipe kaunti moja kwa moja kwa namba ya kiwanja, na kilichobaki ndicho kigawanywe kwa mafungu ya mirathi. Mnunuzi asimkabidhi mrithi mmoja fedha za reti mkononi "akazilipe".

Baada ya kulipa, subiri hesabu isome sifuri ndipo uombe cheti. Na uangalie kalenda. Reti ni za mwaka mzima: anayeuza Machi hulipia hadi Disemba, na sehemu ya mnunuzi waigawane wenyewe. Cheti kilichotolewa Novemba, nyaraka zikichelewa hadi Januari, kitakuta reti za mwaka mpya zimeshaiva, na itabidi zilipwe ndipo msajili apokee faili.