Ritifaa ya ng'ombe: kwa nini nenosiri la kwenye simu linakataa kwenye laptopu

Chukua nenosiri hili la mfano, ambalo sasa halifai tena kutumiwa na mtu kwa kuwa nimeliandika hapa: `Ng'ombe-saba--mto-Rufiji`. Ni refu, linakumbukika, na lina alama 24. Mtu akilitunga kwenye programu ya Notes ya iPhone, akalinakili na kulibandika kwenye ukurasa wa kubadilisha nenosiri, ukurasa utalipokea bila neno. Jioni atakaa kwenye laptopu, ataliandika taratibu kwa vidole kumi, na ataambiwa nenosiri si sahihi. Atajaribu tena. Akaunti nyingi za benki hufungwa baada ya majaribio machache tu, kwa hiyo ni muhimu kujua kilichotokea kabla ya jaribio linalofuata.

Kilichotokea ni kwamba simu haikuhifadhi alichobonyeza. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone ina mpangilio uitwao `Smart Punctuation`, na mara nyingi huwa umewashwa. Kazi yake ni kupendezesha maandishi: ritifaa iliyonyooka `'` inageuzwa kuwa iliyopinda `’`, alama za mtajo zilizonyooka zinapindwa, na vistari viwili `--` vinaunganishwa kuwa kistari kimoja kirefu `—`. Katika barua ni jambo zuri. Katika nenosiri letu matokeo ni `Ng’ombe-saba—mto-Rufiji`, ambalo ni nenosiri jingine kabisa.

Kwa jicho tofauti ni ndogo sana, hasa kwenye skrini ya simu. Kwa kompyuta ni kubwa. Ritifaa iliyonyooka ni U+0027 na huhifadhiwa kwa baiti moja, `27`. Iliyopinda ni U+2019, na katika UTF-8 huchukua baiti tatu, `e2 80 99`. Kistari kirefu nacho huchukua tatu, `e2 80 94`. Mfumo haulinganishi maumbo ya herufi. Huchukua baiti zote, hukokotoa kutokana nazo thamani moja, kisha hulinganisha thamani hiyo na ile iliyohifadhiwa. Baiti moja ikibadilika, thamani nzima hubadilika, na hakuna ujumbe wa «umekaribia».

Wanaoandika Kiswahili wanakumbwa na hili zaidi ya wengi, kwa sababu ritifaa iko ndani ya maneno yetu ya kawaida: ng'ombe, ng'ambo, king'ora, mng'ao. Anayetunga nenosiri refu kwa maneno anayoyajua hufikia ng' upesi bila kuiona kama alama maalumu.

Dalili ya kwanza ya kuangalia ni idadi ya vidoti vinavyoficha nenosiri kwenye kisanduku. Nenosiri la asili lina alama 24. Lililogeuzwa lina 23, kwa kuwa vistari viwili vimekuwa kimoja. Baada ya kubandika, hesabu vidoti. Vikipungua, kuna kitu kimeunganishwa, na vikizidi kwa kimoja, mara nyingi ni nafasi iliyobaki mwishoni. Nafasi hiyo huletwa na neno lililochaguliwa kutoka kwenye mapendekezo ya kibodi, au na kuandika kwa kuburuza kidole, maana njia zote mbili huongeza nafasi zenyewe. Kuhesabu hakutafichua ritifaa, kwa sababu ni alama moja badala ya moja.

Kwa ritifaa, nakili maandishi kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta yako mwenyewe, si ya ofisini wala ya mkahawa wa intaneti, uyakague huko. Kwenye Mac au Linux fungua terminali uandike:

```
IFS= read -rs p; printf '%s' "$p" | xxd -g1
```

Bonyeza Enter, bandika nenosiri, bonyeza Enter tena. Halitaonekana unapolibandika na halitabaki kwenye historia ya amri, lakini tokeo litalionyesha wazi upande wa kulia, basi angalia nani yuko nyuma yako. Baada ya `4e 67`, yaani N na g, ukiona `27` ritifaa imenyooka; ukiona `e2 80 99` imepinda. Ukimaliza, funga dirisha hilo.

Sasa, kuingia kwenye akaunti inayokukatalia. Watu wengi hukimbilia kuomba nenosiri jipya, na hilo si lazima kama bado una majaribio. Nenosiri lililohifadhiwa ni lile lenye ritifaa iliyopinda, basi liandike hivyo hivyo. Kwenye Windows, washa Num Lock, shikilia Alt na uandike 0146 kwenye namba za upande wa kulia: utapata `’`. Kistari kirefu ni Alt na 0151. Kwenye Mac yenye mpangilio wa Kimarekani ni Option, Shift na `]` kwa ritifaa, na Option, Shift na `-` kwa kistari. Laptopu ndogo zisizo na namba za pembeni zina shida hapa. Kwa hizo, ingia kwa simu. Ukishaingia, badilisha nenosiri papo hapo uweke lisilo na alama hizo.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Kwenye iPhone nenda `Settings`, `General`, `Keyboard`, uzime `Smart Punctuation`. Hapo hapo kuna `“.” Shortcut`, inayogeuza nafasi mbili mfululizo kuwa nukta na nafasi. Nayo izime kama nenosiri lako lina nafasi. Usipotaka kuzima, bonyeza ritifaa na uishikilie: kibodi itakuonyesha aina zake, na iliyonyooka ni mojawapo. Kibodi ya Gboard kwenye Android haipindi ritifaa, ila ina mtego wake wa kuanza sentensi kwa herufi kubwa na ule wa nafasi mbili kuwa nukta, vyote viko kwenye mipangilio ya kusahihisha maandishi.

Kisanduku chenye vidoti kwa kawaida huzuia masahihisho haya. Ndiyo maana napinga kutunga nenosiri kwenye Notes au kwenye ujumbe halafu kulibandika. Angalia pia alama ya jicho: kwenye kurasa nyingi za wavuti, ukiibonyeza kisanduku hugeuka kuwa cha maandishi ya kawaida, na kibodi inaweza kuanza kusahihisha kama inavyosahihisha barua. Andika kwanza ukiwa umefunga jicho, ulifungue mwishoni ili kukagua, ulifunge tena.

WhatsApp ni tatizo la namna nyingine. Mtu akikutumia nenosiri la Wi-Fi `*Mnazi2019*`, nyota zitageuka kuwa maandishi mazito na hutaziona kabisa. Utaandika `Mnazi2019` na ruta itakukatalia. Alama `_` na `~` nazo hutumika hivyo hivyo, kwa mlalo na kwa kukata maneno. Ukiona nenosiri lililotumwa limekolea au limelala, uliza aliyelituma kama kuna alama pembeni.

Hadi hapa kosa lilikuwa la simu. Lipo la upande wa pili, ambapo simu ndiyo inasema kweli na laptopu inadanganya. Kibodi ya kioo hutuma alama iliyochorwa kwenye kitufe. Kibodi ya laptopu hutuma namba ya kitufe tu, na mpangilio uliochaguliwa ndani ya mfumo ndio huamua namba hiyo ni alama gani. Laptopu zilizotumika kutoka Uingereza ni nyingi madukani kwetu, na fundi anapoweka Windows upya mara nyingi huacha mpangilio wa Kimarekani. Vitufe vimeandikwa Kiingereza cha Uingereza, mfumo unasoma cha Marekani. Ukibonyeza palipoandikwa `@` unapata `"`, na palipoandikwa `"` unapata `@`. Palipoandikwa `£` panatoa `#`, na kitufe cha `#` karibu na Enter kinatoa `\`.

Fikiria mtu aliyeweka `Pwani@bandari44` kwenye laptopu kama hiyo. Vidoti vilimficha kwamba ameandika `Pwani"bandari44`. Kila siku anaingia vizuri, kwa kuwa kila siku anabonyeza kitufe kile kile. Siku anapoweka programu kwenye simu, anaandika `@` halisi na anakataliwa, na anailaumu simu. Jaribio ni la nusu dakika: kwenye laptopu, andika `@ " # ~ \` katika kisanduku cha jina la mtumiaji, ambacho hakifichi, ulinganishe na vitufe. Zikitofautiana, umepata jibu. Kwenye simu andika `"` mahali pa `@`, na kama ni iPhone, shikilia kitufe cha alama za mtajo uchague zilizonyooka, la sivyo utarudi kwenye kosa la kwanza. Kisha sahihisha mpangilio wa laptopu. Windows na nafasi kwa pamoja hubadilisha kati ya mipangilio iliyopo. Skrini ya kuingilia Windows huweza kuwa na mpangilio tofauti na ule wa ndani, kwa hiyo tazama kifupi cha lugha kilicho pembeni ya skrini kabla ya kuandika.

Bukavu, Bujumbura na kwingine kunakotumika AZERTY, tofauti hizi zinagusa hata herufi: A na Q hubadilishana nafasi, Z na W vilevile, na tarakimu zinahitaji Shift. Huko nenosiri la herufi tupu pia linaweza kukataa likihamishwa kati ya mashine mbili.

Nikipewa nafasi ya kuchagua, naunda nenosiri refu kwa maneno manne au matano yasiyohusiana, herufi ndogo, yakitenganishwa kwa kistari kimoja kimoja, bila ng'. Tovuti ikidai alama maalumu, natumia `!` au `%`: kwenye mpangilio wa Uingereza na wa Marekani ziko kwenye kitufe kile kile, simu haizigeuzi, na WhatsApp haizigusi. Kwa Wi-Fi ya WPA2 kuna kikomo: alama 8 hadi 63, zote ziwe kati ya namba 32 na 126 za ASCII, kwa hiyo `’` na `—` haziruhusiwi hapo hata kidogo.

Kuandika maneno hayo kwenye kioo si kazi kubwa ukijua kwamba huhitaji kufungua ukurasa wa alama na kurudi kila mara. Weka kidole kwenye `123`, au `?123` kwenye Gboard, kiburuze bila kukiinua hadi kwenye kistari, kisha kiinue. Kibodi inarudi kwenye herufi yenyewe. Neno, mburuzo, neno, mburuzo.

Ukibadilisha nenosiri kwenye kifaa kimoja, usitoke kwenye akaunti hapo kwanza. Chukua kifaa cha pili, liandike kwa mkono bila kubandika, uingie. Likikataa, cha kwanza bado kiko wazi na unaweza kujaribu kuliweka upya ukiwa ndani.