Alama saba za kutafuta kabla ya Novemba

Mock ikisharudi, wengi wa kidato cha nne hutengeneza ratiba inayogawa masomo yote sawasawa. Mimi naanza na karatasi ya matokeo na kalamu.

Chukua mwanafunzi wa kutwa wa Nzuguni aliyepata Kiswahili 66, Jiografia 58, Uraia 47, Kiingereza 46, Biolojia 43, Historia 40, Kemia 31 na Hisabati 24. B ni pointi 2, C ni 3, D ni 4. Yanahesabiwa masomo saba bora, kwa hiyo Hisabati inabaki nje na jumla yake ni 23, yaani daraja la tatu. La pili linaishia pointi 21. C inaanzia 45: Biolojia inahitaji alama 2, Historia 5. Akizipata, na mengine yakabaki yalipo, ana 21.

Hapo ndipo saa nyingi ziende. Uraia na Kiingereza viko ukingoni, vipewe jioni moja moja kwa wiki visidondoke. Hisabati asiitupe, hasa kama anataka mchepuo wa sayansi. Swali moja la sehemu A kila siku, dakika 10, linatosha kuanzia.

Alama 2 za Biolojia hazipatikani kwa kusoma notsi upya. Ukisoma unachokijua, kila kitu kinaonekana rahisi, na hapo ndipo unapojidanganya. Funga daftari, chukua swali la mtihani wa zamani, jibu kwa maandishi na kwa Kiingereza, maana ndicho utakachojibia. Mfano: kwa nini kipande cha kiazi hulegea kwenye maji ya chumvi nyingi? Wengi huandika "maji yametoka" na kuishia hapo. Mwalimu anayesahihisha anatafuta hatua: nje kuna chumvi nyingi kuliko ndani ya seli, maji yanapita kwenye utando unaochuja, yanatoka kwa osmosisi, seli zinakosa maji na kulegea. Kila hatua uliyoruka ni alama uliyoiacha mezani.

Kosa liandike kwenye daftari dogo, swali upande mmoja, hatua uliyosahau upande wa pili. Baada ya siku tatu lijibu tena bila kuchungulia. Ukikosea mara ya pili, hujaelewa. Mpelekee mwalimu swali hilo, usimwambie "sielewi Biolojia".

Kuhusu muda, Oktoba chumba cha bati Dodoma saa tisa mchana hakikaliki. Pumzika au fanya kazi za nyumbani. Soma saa 1 hadi saa 3 usiku, lala saa 4, uamke saa 11 alfajiri kwa saa moja ya maswali. Anayekesha hadi saa 8 usiku husinzia darasani, na kipindi cha marudio kinampita.