Kampuni ndogo si lazima iuze bei ya chini: dhana potofu kwenye maswali ya kisa ya masoko

Wiki iliyopita nilisahihisha karatasi 42 za mtihani wa majaribio za vijana wa kidato cha sita ninaowafundisha tuisheni hapa Dodoma. Swali la mwisho lilikuwa la kisa: kampuni imeelezwa kwa aya mbili, na mtahiniwa anatakiwa achague mkakati wa masoko unaoifaa, kisha atetee uchaguzi wake. Karatasi 31 zilitoa jibu moja, kwamba kampuni ishushe bei ili ipenye soko. Nilipowarudishia, binti mmoja anayekaa mbele akanyoosha mkono. "Samahani Mwalimu, si kampuni yenyewe ni ndogo? Isiposhusha bei, atanunua nani?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Ila swali hilo nimelisikia kila mwaka tangu nianze kufundisha somo hili, na sasa nataka nilijibu kwa maandishi.

Dhana: Kampuni ikiwa ndogo au mpya, jibu ni bei ya kupenya soko

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kikundi cha akina mama kinatengeneza siagi ya karanga kwa karanga zinazotoka Kongwa. Wana mashine moja ya kusaga, inafanya kazi siku zote za juma isipokuwa Jumapili, na uwezo wake ni makopo 1,500 ya gramu 400 kwa mwezi. Yote yanauzwa, na kila mwisho wa mwezi wapo wateja wanaokosa. Hawaweki sukari wala mafuta ya kuongezea. Wanunuzi wao wengi ni watumishi wa ofisi za Mtumba na wahadhiri, watu wanaosoma lebo kabla ya kulipa. Kopo linauzwa shilingi 5,500. Kiwanda kikubwa kinauza siagi yenye sukari kwa shilingi 5,000. Kila kopo linakigharimu kikundi shilingi 3,500 za karanga, chombo na lebo, na gharama za kudumu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Wanataka faida iongezeke, na hawana mtaji wa mashine ya pili.

Wengi wa wale 31 waliona "kikundi", wakaona "kiwanda kikubwa", wakaandika: washushe bei hadi shilingi 4,200 ili wamshinde mshindani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepiga hesabu, ingawa namba zote zimewekwa mezani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya jibu lenyewe.

Tupige sasa. Kwa bei ya shilingi 5,500, kila kopo linaacha shilingi 2,000 baada ya gharama zake. Makopo 1,500 yanaleta shilingi 3,000,000. Ukitoa gharama za kudumu, kikundi kinabaki na faida ya shilingi 1,800,000. Shusha bei hadi shilingi 4,200, na kila kopo linaacha shilingi 700 tu. Mashine haiwezi kutoa zaidi ya makopo 1,500, kwa hiyo kinachopatikana ni shilingi 1,050,000, na hiyo haifikii hata gharama za kudumu. Kikundi kilichokuwa na faida sasa kina hasara ya shilingi 150,000 kila mwezi, huku kikiuza kila kopo kililotengeneza. Ili warudi kwenye faida ile ya mwanzo wangehitaji kuuza makopo kama 4,286, karibu mara tatu ya uwezo wa mashine.

Bei ya kupenya soko ina masharti yake. Inafanya kazi pale ambapo kuna nafasi ya kuzalisha zaidi, ambapo wanunuzi wanachagua kwa bei, ambapo gharama ya kila kopo inapungua uzalishaji ukiongezeka, na ambapo kampuni ina mtaji wa kuvumilia iwapo mshindani naye atashusha. Angalia kisa chetu. Mashine imejaa. Wanunuzi tayari wanalipa shilingi 500 zaidi ya bei ya mshindani na bado wanagombania makopo. Mtaji haupo. Mtungaji wa swali hakuyaweka maelezo hayo kwa bahati mbaya. Kila sentensi aliyoiandika ni ushahidi aliotaka uutumie.

Sasa tugeuze upande wa pili. Wakipandisha bei hadi shilingi 6,500, kila kopo linaacha shilingi 3,000. Wakiuza makopo 1,000 tu, faida inabaki ile ile ya shilingi 1,800,000. Maana yake wanaweza kupoteza theluthi nzima ya mauzo bila faida kupungua, na kopo lolote litakalouzwa juu ya hayo 1,000 ni nyongeza. Sisemi kwamba jibu lazima liwe shilingi 6,500 kamili, kwa sababu kisa hakituelezi ni wateja wangapi wataondoka bei ikipanda. Ninachotaka kuona kwenye karatasi ni mtahiniwa anayeandika kwamba bei ibaki juu ya mshindani, akaonyesha nafasi ya kupandisha iko kiasi gani, na akataja mahitaji yasiyotoshelezwa kama sababu.

Bei ni moja ya P nne za masoko, pamoja na bidhaa, mahali na promosheni. Ikishakaa hivyo, P nyingine tatu zinaifuata zenyewe. Bidhaa: chombo cha glasi na lebo inayosema waziwazi kwamba haina sukari, kwa maana hicho ndicho mteja anachokilipia. Mahali: maduka machache yaliyo karibu na wanunuzi hao. Kuna aliyependekeza wasambaze katika maduka 60 ya jiji zima. Gawanya makopo 1,500 kwa 60, kila duka linapata 25 kwa mwezi, na katikati ya mwezi rafu ni tupu. Promosheni: kuonjesha na kupokea oda kwa simu vinatosha kwa bidhaa ambayo tayari haitoshi.

Darasani niliubadilisha mfano ule ule ili waone. Chukua bei zile zile na gharama zile zile, ila sema mashine ina uwezo wa makopo 6,000 na inatumika robo tu. Sema pia wanunuzi ni wenye vibanda vya Majengo na mama lishe wanaopaka siagi kwenye mikate ya chai, wanaouliza bei tatu kabla ya kununua, na kwamba karanga zikinunuliwa kwa wingi bei yake inashuka. Hapo ile shilingi 4,200 ina maana. Shilingi 700 mara makopo 6,000 ni shilingi 4,200,000. Toa gharama za kudumu, wanabaki na shilingi 3,000,000, na hapo hatujahesabu unafuu wa karanga. Bei ile ile iliyomtia hasara yule wa kwanza inampa huyu faida kubwa, mradi auze zaidi ya yale makopo 4,286. Na ukubwa wa kampuni haukubadilika. Vyote viwili ni vikundi vya akina mama vyenye mashine moja.

Kwa kuwa tumeitaja Kongwa: hapo ndipo Waingereza walipoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakaufunga mwaka 1951. Walikuja na matrekta na mipango iliyokamilika kabla ya kuujua udongo, ambao kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu, wala mvua zetu zinazokatika njiani. Wanafunzi wangu huwa nawapa historia hiyo kwa sababu wanaishi juu yake. Mtahiniwa anayeingia chumba cha mtihani na mkakati tayari kichwani anafanya kosa la aina hiyo hiyo.

Ushauri wangu, ambao wanafunzi wamechoka kuusikia: soma kisa mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili pigia mstari vitu vitatu tu, yaani uwezo wa kuzalisha, kinachomfanya mteja anunue, na fedha iliyopo. Usiandike jina la mkakati wowote kabla ya kumaliza mistari hiyo mitatu. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, na najua lugha inawasumbua baadhi, lakini kosa hili nimelikuta hata kwa wanaoandika Kiingereza safi.

Dhana: Kugawanya soko ni kutaja umri, jinsia na kipato

Hii ni ya pili kwa kunisumbua. Mtahiniwa anaandika "tutalenga wanawake wa miaka 25 hadi 45 wenye kipato cha kati" na kuhamia swali linalofuata.

Fikiria wanawake wawili wa miaka 38, wote watumishi wa umma, mshahara sawa, wanakaa Nzuguni. Mmoja ananunua siagi ya karanga kwa ajili ya mikate ya watoto wa shule, na watoto wanataka iwe tamu. Mwingine ameambiwa hospitalini apunguze sukari. Kwa vigezo vya umri, jinsia na kipato ni mtu mmoja. Sokoni ni wateja wawili tofauti, na wa kwanza hatainunua siagi ya kikundi chetu hata ishuke bei, kwa sababu nyumbani watoto hawatailia mkate.

Kwa kisa hiki, kigezo kinachogawa soko ni faida ambayo mteja anaitafuta katika bidhaa. Umri na kipato vinakusaidia baadaye, unapotaka kujua umpate wapi. Na kwa kampuni yenye makopo 1,500, sehemu moja ya soko inatosha. Kulenga sehemu tatu kwa wakati mmoja kunataka bidhaa tatu, lebo tatu na fedha ambazo kisa kimesema hazipo.

Dhana: Ukitaja P zote nne kwa urefu sawa unapata alama zote

Hapana. Swali likiuliza mkakati unaofaa, alama kubwa ziko kwenye kuunganisha mkakati na maelezo ya kampuni. Nimewahi kusahihisha kurasa tatu zilizoeleza maana ya bidhaa, bei, mahali na promosheni bila neno "karanga" kuonekana hata mara moja. Jibu lile lingeweza kuwa la kiwanda cha saruji. Nililipa alama za maana ya istilahi, nikashindwa kulipa nyingine.

Dhana: Promosheni ni tangazo la redio au televisheni

Kwenye kisa chetu, tangazo la redio lingewaita wateja wapya kwenye duka ambalo tayari limeishiwa. Kabla ya kuandika tangazo lolote, tazama kama kampuni ina kitu cha kumuuzia huyo atakayelisikia.